Nyuzi za Kahawia

Saluni ina viti viwili na kioo kimoja kirefu, na mwenye nayo wateja wamembandika jina la Mama Taratibu. Kisa ni kwamba anaweza kukutazama kichwa robo saa nzima kabla hajagusa chanuo. Wenye haraka humkimbia. Wanaobaki husinzia kitini huku vidole vyake vikitembea, na wengine huota ndoto kabisa.

Asubuhi hiyo ya manyunyu aliingia Pacha. Watu bado walimwita hivyo, ingawa mwenzake alizikwa miaka miwili iliyopita. Tangu wakiwa wasichana walikuwa wakija pamoja. Dada mtu, aliyemtangulia kuzaliwa kwa dakika chache tu, ndiye aliyefika kwanza kila mara, akakalia kiti cha dirishani na kumpokea mdogo wake kwa neno moja: "Umechelewa."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu vua kitambaa."

Akavua. Mama Taratibu akaguna. Nywele zilikuwa nyeupe kama chaki, kavu, hazina mng'ao wala kivuli, isipokuwa vidole vitatu vya kahawia kwenye mizizi. Wiki ile ya msiba Pacha alikuja kuomba blichi, Mama Taratibu akakataa katakata. Mtoto wa watu akaenda kujipaka mwenyewe bafuni, mara tatu, na akaendelea kurudia kila mizizi ilipoota, hadi miezi michache iliyopita.

"Kila kioo kilikuwa kinanionyesha dada," Pacha alisema. "Nilitaka atoke. Sasa ametoka kweli, Mama. Nikifumba macho simpati. Nirudishie kahawia yangu nimwone."

Mama Taratibu aliingiwa na hofu, tena hofu hasa. Nywele zilizochoka namna ile hukatikia mkononi, na rangi ikikosewa juu yake hakuna wa kumlaumu ila mwenye brashi. Akakigeuza kiti, Pacha akakipa kioo mgongo.

Picha ya dada, aliyokuja nayo Pacha, ilionyesha kahawia iliyopoa, yenye ujivu kidogo. Mama Taratibu akachanganya kahawia hiyo hiyo, akaijaribu kwenye uzi mmoja nyuma ya sikio. Dakika tano tu, uzi ukageuka kijani cha ukungu wa ukutani.

"Mzee mzima napotea njia!" akajicheka. Blichi ilikuwa imekomba wekundu na umanjano wote wa ndani. Ukimwaga ujivu juu ya utupu, utapata nini? Joto lilipaswa kurudi kwanza.

Akaanza upya. Kwa ncha ya chanuo alichomoa nyuzi nyembamba, hizi akazichukua, zile akaziacha, hasa kwa chini na nyuma, maana akizipaka zote kichwa kingekuwa kofia. Juu ya karatasi za foili akazipitishia kwanza rangi laini ya dhahabu yenye ushaba kidogo, ikatulia, akaifuta. Ndipo akaleta kahawia isiyo na ujivu, inayopaka juu tu bila kupausha, hatua moja nyepesi kuliko aliyoitaka, kwa sababu nywele kavu hunywa rangi kama sifongo. Ncha, zenye kiu kuliko zote, akazipaka mwisho.

Kisha kusubiri. Foili zilinong'ona kila Pacha alipopumua. Dirisha lilikuwa limefunikwa na mvuke, mtaa wa nje ukawa vivuli vinavyoelea, na Mama Taratibu akahisi kwamba kiti cha dirishani kina mtu. Hakugeuka kuhakikisha. Kila dakika tatu alifunua foili moja, akafuta uzi, akautazama, akaufunika.

"Tayari?" Pacha aliuliza usingizini.

"Bado, mwanangu. Nani anakukimbiza?"

Alipoosha kwa maji ya uvuguvugu na kupaka dawa ya kulainisha, hakuna uzi uliobaki mkononi. Akazikausha polepole. Weupe haukuwa umekwisha. Ulikuwa umepata mahali pa kulalia. Kahawia ilitokea chini yake, ikashikana na ile ya mizizi, na nywele zikaonekana tena kuwa zimeota kichwani badala ya kuwekwa.

Pacha, kwa mazoea ya mkono, akazigawa upande wa kulia. Dada yake alikuwa akigawa kushoto. Hivyo ndivyo watu walivyowatofautisha.

Mama Taratibu akakigeuza kiti.

Mwanamke wa kiooni alikuwa na kahawia nyweleni, na mgawanyo wake, uliogeuzwa na kioo, ulikaa kushoto kama wa dada. Pacha aliinuka. Alisogea mpaka pumzi yake ikagusa kioo, akalitazama lile paji la uso, na machozi yakamtoka asiyafute.

"Nimechelewa, dada," akasema.

Mama Taratibu akakiweka kikausho chini, akakaa kiti cha dirishani. Mlango ulifunguliwa, mteja mwingine akachungulia na kuuliza kama zamu yake imefika. Akamwashiria kwa mkono asubiri nje kidogo.