Idhini Haitolewi na Mwenye Shimo

Sentensi iliyonichafua roho ilikuwa fupi: "Idhini ya wafanyakazi itapatikana kupitia kwa mwenye shimo." Niliisoma kwenye kompyuta ya mwenzangu, msaidizi wa chuo hapa Kasongo, baada ya swala ya alasiri. Mungu amenijalia uzee wa utulivu, nami humshukuru. Siku ile utulivu ulinitoka.

Tulikuwa tunaandika mpango wa utafiti juu ya watu waliotoka mbali kuja kuchimba dhahabu upande wa Kabambare. Mimi ni mwalimu wa dini mstaafu. Chuo kiliniomba nishauri sehemu ya maadili, kwa kuwa wachimbaji wengi wananijua. Komite ya maadili ilikuwa bado haijatoa kibali, kwa hiyo hatukuwa tumemhoji mtu yeyote. Siku chache kabla tulikuwa tumekwenda tu kusalimia machimboni, kwa pikipiki, mbele kidogo ya kijiji cha Wamaza.

PDG, yaani mkurugenzi mkuu kwa Kifaransa, ndivyo wanavyomwita mwenye shimo, alitupokea vizuri mno. Alitupa viti na soda, na mtu wa kutusindikiza kila tulikokwenda, maana kwetu mgeni haachwi peke yake. Kisha akakusanya watu wake.

"Hawa wote ni wangu," alisema. "Wote wamekubali. Si ndiyo?"

"Ndiyo, PDG!" wakaitikia, wengine wakicheka.

Adhuhuri ilipofika nikaswalisha. Kabla ya hapo, nilipokuwa natawadha nyuma ya kibanda, mama mmoja anayetwanga mawe ya dhahabu aliniletea maji. Sitaandika alikotoka wala umri wake; wanawake pale ni wachache, angejulikana mara moja.

"Baba," alisema chini chini, "mimi usiniweke mu hayo maneno yenu."

"Si lazima, binti yangu. Useme tu hapana."

"Niseme hapana mbele yake? Kesho sitapewa mawe. Nitakula nini?"

Msindikizaji akatokea, mama akachukua ndoo yake akaenda.

Ndiyo maana sentensi ile ilinichoma.

"Mwanangu, umeandika nini hapa?"

"Baba, ndivyo wote wanaandika. PDG anatoa barua, komite inapitisha. Tunachelewa."

"Barua yake inatufungulia njia ya kuingia. Haifungui mdomo wa mtu! Yeye ni nani wa kukubali kwa niaba ya watu wazima? Amewanunua?"

"Baba, polepole, watu wa ofisi wanasikia."

"Na wasikie!"

Nilimwambia afute, akafuta huku amenuna. Tukaanza upya. Kila mtu ataelezwa kwa Kiswahili, peke yake, tunataka kujua nini na kwa nini, na kwamba anaweza kukataa au kuacha katikati bila kupoteza kitu. Atakubali kwa mdomo. Mtafiti ataandika namba tu, kwa sababu karatasi yenye sahihi ni jina linalotembea. Sauti zitafutwa zikishaandikwa. Pale alipokuwa ameandika "siri kamili," nilimwuliza kama anaweza kuahidi hivyo mtoto akiwa hatarini, au mahakama ikidai. Akafuta, akaandika kwamba mipaka ya siri itatajwa kabla ya swali la kwanza.

"Na msindikizaji?" nikauliza.

"Tukimkataa, PDG atakasirika."

"Basi tusihojie pale. Tuhojie Wamaza siku ya soko. Wote wanakwenda."

"Atauliza nani aliingia, nani hakuingia."

Hapo alisema kweli. Tulihangaika sana na jambo hilo. Mwishowe tukaandika kwamba kila atakayealikwa ataingia chumba cha mahojiano na kukaa muda uleule, amekubali au amekataa. Anayekataa atapewa chai apumzike. Aliye nje hatajua.

Nilifurahi. Nikamwambia aandike kwamba atakayehoji ni mimi, kwa kuwa wananiheshimu.

Akasukuma kompyuta mbele, akacheka, na kicheko chake kikaniudhi kuliko sentensi yake.

"Baba, umepiga kelele tangu saa ile juu ya PDG. Wewe nani atakukatalia? Umewaswalisha!"

"Unanilinganisha na yule?"

"Yeye ana mawe. Wewe una swala. Mutu atasema hapana namna gani?"

Nilisimama nitoke. Nilifika mlangoni nikiwa na hasira, nikamwona akilini yule mama na ndoo yake. Alikuwa ameweza kunikatalia kwa sababu sikuwa nimemuuliza lolote. Kama ningemuuliza mimi, niliyewaswalisha, angejibu kama walivyomjibu PDG.

Nikarudi nikakaa.

"Andika," nikasema. "Kiongozi wa dini anayejulikana na wafanyakazi hatahoji, wala hatakuwepo Wamaza siku hiyo. Wanawake watahojiwa na mwanamke."

"Umekasirika, Baba?"

"Sana. Andika."

Aliandika. Hasira haijaniisha, na sijui bado namkasirikia yeye au nafsi yangu. Siku ya soko nitakuwa Kasongo, nikimwombea mtu ambaye, Mungu akipenda, atakuwa anakunywa chai bila kujibu swali hata moja.