Daktari Aliye Njiani

Mimi si mtu wa kupiga simu. Mtu akipokea na kusema "haloo", maneno yangu yote hukimbia. Ndiyo maana nilifurahi daktari wa kupandisha ng'ombe hapa Nunguni alipotangaza sokoni kwamba sasa tumwandikie WhatsApp tu. Ana sindano za mbegu, pikipiki na koti jeupe, na sisi humwita daktari kwa heshima tu.

Ng'ombe wetu ni mmoja. Alikuwa amekaa muda mrefu bila mimba na maziwa yalikuwa yanakwisha. Jioni moja akaanza kulia na kuwapanda mbuzi. Mama akanyoosha kidole: "Huyo yuko joto, anataka ndume. Mwandikie daktari, aje asubuhi. Ikipita hii, tunangoja wiki tatu."

Nikaandika polepole, herufi kwa herufi: Daktari ng'ombe wetu yuko joto kuja kesho asubuhi. Kabla sijaiweka simu chini, jibu likaingia: "Nimepata. Mfunge kivulini. Niko njiani."

Njiani, na jua limeshatua! Lakini nilifurahi. Nilidhani ni mtu mwenye bidii.

Asubuhi tulimfunga ng'ombe kivulini na kungoja. Jua likapanda. Nikaandika tena: Daktari joto inaisha. Jibu likaja mara moja, lilelile, neno kwa neno.

"Yuko njiani," nikamwambia mama.

"Njia gani hiyo? Ya kupitia Mombasa?" Mama akatema mate. "Toka uende umlete. Na umwambie kwa mdomo, si kwa vidole."

Nilimkuta sokoni, kwenye hoteli ya chai, koti jeupe likiwa halina hata doa. Nilisimama mlangoni muda mrefu kabla ya kusema ng'ombe wetu yuko joto tangu jana.

"Mbona hukuniambia?" akauliza.

Nikamwonyesha simu yangu. Akaisoma, akacheka kama mtu aliyesifiwa. "Ah, hiyo ni robot! Mpwa wangu aliniwekea. Simu ikipata ujumbe, robot inasoma arifa inapotokea hapa juu. Ikiona neno 'joto', inajibu yenyewe, kisha inaifuta ile arifa, isinisumbue. Mimi hata sigusi."

"Na wewe unasoma saa ngapi?" akauliza mama mwenye hoteli, akimimina chai.

"Nikiona ujumbe mpya, nasoma."

"Utauona wapi, na robot imeshaujibu na kuifuta arifa?"

Daktari akatafuta jina langu kwenye simu yake. Ujumbe wangu ulikuwa pale, umejibiwa vizuri, bila alama yoyote kwamba haujasomwa. Nilidhani ataona aibu. Wapi! Alitaka kunionyesha ubora wa mashine. "Tuma sasa, uone." Akakaa akiangalia mazungumzo yetu kwenye kioo.

Nikaandika: joto. Ujumbe ukaingia mbele ya macho yake. Robot ikanyamaza.

"Tuma tena, kijana." Nikatuma. Kimya. Akaipiga simu kwenye goti kama redio mbovu.

Hata mimi niliyeishia darasa la nane nilianza kuelewa: akiwa amefungua mazungumzo yetu, simu haitoi arifa, na robot isiyo na arifa ni kipofu. Akafunga, akaiweka simu mezani kwa hasira. Nikatuma mara ya tatu. Ya kwangu ikalia: "Nimepata. Mfunge kivulini. Niko njiani."

Mwenyewe alikuwa ameshika andazi.

Mama wa hoteli alilazimika kuweka birika chini. "Juzi bibi yako alisema hapa alikuandikia mtoto wenu ana joto. Ukamwambia amfunge kivulini! Bibi alilia, mimi nikacheka, Mungu anisamehe."

"Hiyo ni kurekebisha tu," akasema daktari, na kuiwasha pikipiki, nami nikapanda nyuma.

Tulipofika nyumbani, ng'ombe alikuwa amelala akicheua, hana habari na mtu. Daktari akavaa glavu ndefu, akapima, akatikisa kichwa. Joto lilikuwa limepita. Hata hivyo akasema angeweza kujaribu, huenda bahati ikawepo, tulipe nusu.

"Bahati ya nani?" mama akamuuliza. "Vua hiyo kitu ya mkono uende. Chai yako inapoa."

Akaniambia nimtumie ujumbe wiki tatu zijazo. Nikajibu "sawa," kwa sababu ndivyo nilivyo.

Wiki tatu zilipotimia, ng'ombe akaanza kulia tena. Nilishika simu kwa mazoea. Mama hakuniangalia. Alifungua kamba, akamwongoza ng'ombe kushuka bonde kwa jirani mwenye ndume mwekundu, wa kienyeji, asiye na ukoo wala cheti. Nami nikafuata nyuma na fimbo.