Waya Haukuwa na Kosa

Mimi na rafiki yangu wa tangu chuoni tulikuwa na printa ya 3D Kariakoo, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Tulichapa gia za plastiki za cherehani, zile ambazo mafundi hawazipati tena madukani. Bamba la chini, linalopata moto ili plastiki ishike, tuliliita kitanda.

Waya za kitanda zilipochakaa, yeye alinunua mpya, mimi nikabana vichwa vya chuma kwenye ncha. Nilitumia koleo la kawaida.

Wiki ya pili tukasikia harufu. Konekta ya kitanda, pale waya zinapochomekwa, ilikuwa imeyeyuka, nyeusi.

"Umeleta waya mwembamba," nikamwambia.

"Kitanda kinavuta ampea kumi. Nimechukua milimita moja na nusu, imeandikwa kwenye ganda. Angalia."

"Kariakoo wanaandika chochote. Umeuziwa takataka na hukujua."

Sikuangalia. Niliyasema hayo mbele ya wateja wawili, tena kwa sauti. Akafungasha vifaa vyake mchana ule ule, akaondoka. Hakugombana. Heri angegombana.

Nikanunua waya mnene zaidi, milimita mbili na nusu, na konekta mpya, nikabana tena kwa koleo lile lile. Baada ya siku chache, moshi ukatoka pale pale.

Safari hii nilimbebea kila kitu dada mmoja anayetengeneza pasi na majiko ya umeme mtaa wa pili. Nilichukua na ule waya wa kwanza, alioununua rafiki yangu, nikitaka aniambie ulikuwa feki. Aliupapasa wote kwa vidole.

"Kaka, huu hauna kosa. Ungekuwa mwembamba ungepata joto urefu wote, ganda lingelainika kote. Huu umeungua mdomoni tu."

Akavuta kile kichwa cha chuma. Kikatoka mkononi mwake, bila nguvu yoyote.

"Nani alibana?"

Nikamwambia ni mimi.

"Hakijashika. Umeme unapita kwenye nyuzi chache, pale pale panawaka. Ukiweka waya mnene na kichwa hakishiki, ni yale yale."

Akakata ncha zilizoungua, akachukua vichwa vinavyolingana na waya huo, akavibana kwa koleo lake maalumu, akavuta kila kimoja kwa nguvu. Havikutoka. Nikafunga waya ule ule wa rafiki yangu kwa konekta mpya. Nilichapa mchana kutwa, na nilipogusa ganda karibu na konekta, halikuwa na joto la kusumbua.

Nilimfuata rafiki yangu Posta, kwenye duka la simu alikopata kazi. Nilimweleza yote, hata koleo. Alisikiliza huku akibandika kioo cha simu ya mteja.

"Inachapa sasa?" akauliza.

"Inachapa."

"Sawa."

Akamgeukia mteja, akamwonyesha jinsi ya kufuta vumbi. Nilisubiri kidogo pale kaunta, kisha nikaondoka.