Asante Niliyoisoma Kwenye Karatasi

Mimi husifiwa kwa hotuba fupi. Walimu wakuu wenzangu wakishika maiki siku ya wazazi, jua linahama kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine na wao bado wako kwenye salamu. Mimi dakika tano zinanitosha. Nilijivunia jambo hilo kwa miaka mingi, na sikosei nikisema lilinipa kiburi, kwa sababu siku niliyomwaibisha mama wa watu mbele ya mtoto wake nilitumia dakika tano hizo hizo, hata sikuzimaliza.

Shule yetu iko upande wa Rhonda, hapa Nakuru. Muhula wa tatu ukikaribia kuisha tuna siku moja ya kupamba shule kwa ajili ya Krismasi. Wazazi wanakuja asubuhi, watoto hawasomi, na kila darasa linapewa sehemu yake: wengine lango, wengine veranda, wengine ukumbi ambao pia ndio bwalo letu la chakula. Tunafunga matawi ya saiprasi kwenye nguzo, tunapuliza baluni, tunabandika pamba madirishani eti ni theluji, nasi theluji hatujawahi kuiona. Saa tisa kazi inaisha, watu wanakusanyika uwanjani, wanakunywa chai, na mwalimu mkuu anatoa shukrani.

Nikwambie shukrani hizo zinavyotengenezwa, maana watu hudhani mtu anasimama tu na kusema. Kwanza unamtambua mwenyekiti wa bodi, halafu mwenyekiti wa wazazi, halafu mchungaji atakayefunga kwa maombi. Ukimruka mmoja utasikia habari yake mpaka Pasaka. Halafu unawashukuru watoto, na unawaweka mbele kwa sababu wamechoka na wasipotajwa mapema wataanza kusukumana. Wazazi wanafuata, kisha walimu, kisha watu wa jikoni. Mwisho unatangaza siku ya kufunga na kuwatakia watu safari njema. Na kwa kila kundi unataja walichofanya, sio jina tupu. Ukisema tu asanteni kwa kazi nzuri, umemshukuru nani? Mtu anataka kusikia kwamba lile tawi alilobeba begani lilionekana.

Hiyo ndiyo kanuni yangu, na walimu wapya huwa nawafundisha mimi mwenyewe. Sasa sikiliza nilivyoivunja.

Siku hiyo niliitwa mjini, kwenye ofisi ya elimu, kwa jambo la fomu ambalo lingeweza kungoja hata wiki. Kabla ya kutoka nilimwambia naibu wangu aniandalie orodha ya wazazi na walicholeta, niikute mezani. Naibu ni mtu wa kutii. Hakungoja vitu vifike. Alichukua simu, akafungua makundi ya WhatsApp ya wazazi, darasa kwa darasa, akanakili kila aliyeandika "nitaleta". Fulani ataleta baluni, fulani ataleta utepe, fulani pamba. Mimi ndiye niliyeitaka mapema, kwa hivyo sina wa kumlaumu.

Nilirudi saa tisa kasorobo. Nilipoingia langoni nilisimama. Shule ilikuwa imependeza kweli. Kutoka lango hadi ukumbini, kwenye paa la veranda yote, palikuwa pamening'inia vitambaa vya pembe tatu, mamia, vimeshonwa kwenye utepe mmoja mrefu: vya maua, vya mistari, vya kijani cha sweta yetu, vingine vya pazia. Vilikuwa vimepangwa rangi kwa rangi. Nikasema moyoni, hiki kitu kimetoka duka la maana. Sikumuuliza mtu. Nilipita ofisini, nikachukua orodha, nikasoma kwenye Gredi ya Sita: pambo refu la veranda, mwakilishi wa wazazi. Basi, nikaona limeeleweka.

Uwanjani niliwatambua wakubwa bila kukosea. Watoto niliwataja kwa madarasa, wakajipigia makofi. Nilipofika kwa wazazi nikafanya ninachofanya kila mwaka: nikamwita mtu kwa kitu chake, asimame, watoto wampe maua. Kwetu maua ni ya mikono. Watoto wanasugua viganja, wanasugua, halafu wanamrushia vidole vikiwa wazi, naye anayadaka na kuyaweka kifuani. Watu wazima wenye mvi wanayadaka na meno yote nje.

Nikamwita mwakilishi wa Gredi ya Sita. Nikasema, "Na lile pambo la veranda, ambalo mama huyu ametununulia kwa roho safi, jamani, hata shule za mjini hazina."

Alichelewa kusimama. Nakumbuka hilo vizuri, kwa sababu nilifikiri ni unyenyekevu. Aligeuka akaangalia nyuma, akanyoosha sketi, akasimama. Maua yalirushwa. Aliyadaka kwa mkono mmoja na kuketi haraka.

Hapo ningepaswa kwenda kwa walimu. Lakini mimi nina mdomo, na mdomo wangu ukishapata kicheko unataka kingine. Niliwatazama waliobaki wameketi, nikawachokoza kwamba wengine wamekuja kuonja chai ya shule. Watu wakacheka. Safu ya nyuma alikuwepo mama mmoja mwembamba, kitambaa cha njano kichwani, kikombe mapajani, macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa juu kwenye veranda. Nikamnyooshea kidole.

Nilisema, "Hata wewe mama wa kitambaa cha njano. Mwaka ujao usituletee macho peke yake. Leta hata baluni moja."

Uwanja mzima uligeuka kumwangalia, ukacheka. Yeye pia alicheka kidogo, akashusha macho kwenye kikombe. Lakini kule kwa Gredi ya Sita msichana mmoja alisimama. Mrefu, sweta imefupika mikononi. Alikuwa akiniangalia mimi, mdomo wazi, kama mtu aliyesukumwa. Mama yake, bila kuinua kichwa sana, alimwonyesha kwa mkono aketi. Akaketi. Nami nikaendelea na walimu.

Wakati mchungaji anaanza maombi, mwalimu wa Gredi ya Sita alinisogelea pembeni. Aliongea kwa sauti ya chini, nami nikitamani asinyamaze na nikitamani anyamaze. Yule mama ni fundi wa cherehani kwenye kibaraza huko Rhonda. Hana simu ya WhatsApp, kwa hivyo hajawahi kuwa kwenye lile kundi. Habari ya kupamba aliambiwa na binti yake. Tangu mwezi uliopita amekuwa akiweka vipande vinavyobaki anapokata nguo za watu, na jioni binti alikuwa akivipanga kwa rangi naye anashona. Alifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya mlinzi kufungua lango, gunia mgongoni. Alipanda ngazi mwenyewe kwa sababu hakuamini mtu mwingine asingevuta utepe ukakatika. Mwakilishi alikuwa ameahidi kununua pambo, lakini alipofika akakuta veranda imejaa, basi lake hakulitoa. Kama alikuwa nalo.

Mwalimu akaniambia, "Madam, maiki bado iko hapo. Mchungaji akimaliza unaweza kusema."

Naomba nieleze jinsi nilivyofikiri, kwa sababu hapo ndipo aibu yangu ilipo. Kukosea kwa orodha, hilo linampata yeyote. Lakini maombi yalichukua muda, na mimi nilikuwa na akili timamu, na wazazi wote walikuwa bado wamesimama pale, macho yamefungwa. Nilihesabu mambo mawili tu. Nikisema ukweli, mwakilishi ataaibika, na mwenyekiti wa wazazi ni shemeji yake. Na mimi nitaonekana mwalimu mkuu asiyejua shule yake. Yule mama sikumhesabu kabisa. Mchungaji akasema amina, nami nikasema amina kwa nguvu kuliko wote, nikawatakia watu safari njema.

Nilimkuta langoni na binti yake. Gunia tupu alikuwa amelikunja kwapani. Nikamvuta kando, chini ya ile miti ya uzio ambako hakuna aliyekuwa akisikia, nikamwomba msamaha. Nilisema maneno mengi. Nilisema ni orodha, ni haraka, ni mjini. Alinisikiliza kwa heshima zote.

"Hakuna shida, mwalimu," alisema. "Ni mambo ya kawaida."

Binti ndiye aliyeuliza. Aliniuliza kama nitawaambia wale wengine. Wazazi walikuwa wakipita karibu nasi wakitoka, vikundi vikundi, wawili walikuwa wakiangalia juu na kusifu vitambaa. Nikamwambia tukifungua shule, mstarini asubuhi, nitasema.

"Lakini mstarini wazazi hawako," akasema.

Mama yake alimgusa bega, akamwambia asimjibu mwalimu hivyo. Akaniaga kwa mikono miwili. Nilisimama pale nikiwa na miaka yote ya ualimu, na mtoto wa Gredi ya Sita alikuwa amenifunga mdomo kwa jambo la kweli, na bado kulikuwa na watu nusu uwanja ambao ningewaita warudi. Sikuwaita. Nilijisikia mdogo, na nilistahili.

Tulipofungua shule nilitimiza ahadi, kwa namna yake. Nilimwita binti mbele ya mstari, nikaeleza kila kitu bila kujificha: gunia, cherehani, ngazi, na kwamba aliyekosa ni mimi. Nikawaambia watoto wamrushie maua ampelekee mama. Walisugua viganja kwa bidii, wakarusha. Yeye mikono yake ilibaki ubavuni. Alisema asante, Madam, akarudi mahali pake. Siwezi kumlaumu, yalikuwa maua ya watoto, na wazazi waliomcheka mama yake hawakuwepo.

Kwenye mkutano wa wazazi uliofuata nikajaribu tena, nikiwa nimejiandalia maneno usiku kucha, mwakilishi na mwenyekiti wake wapende wasipende. Nilimwona mama ameketi nyuma. Alikuwa ameshasaini kitabu, ameshamsikiliza mwalimu wa darasa, ameshauliza swali moja la hisabati ya binti yake, swali zuri. Mwenyekiti akatangaza kwamba sasa mwalimu mkuu atatoa shukrani. Mama akainuka taratibu, akawaomba radhi waliokuwa kwenye safu yake wampishe, akatoka mlangoni kabla sijasema neno.

Nilisema yote niliyopanga, na watu wakapiga makofi kwa kiti chake. Mikutano yetu hakosi hata mmoja mpaka leo, na kila mara hukaa nyuma, hukaa mpaka shukrani zinapotangazwa, halafu huenda zake.