Inchi Hamsini na Nne za Mpendae

Silima, fundi mwashi mzaliwa wa Uroa, alijenga nusu ya umri wake bila kugombana na msimamizi. Ugomvi ulimkuta mwaka 1971, kwenye zahanati mpya ya Mpendae.

Ramani ilionyesha sakafu imeinuka inchi ishirini na saba, na njia ya kiti cha magurudumu ya futi ishirini na saba: futi moja ya urefu kwa kila inchi ya kupanda. Lakini masika maji yalituama pale, sakafu ikainuliwa maradufu. Njia haikuguswa.

"Bwana Matar, nshapima," Silima alimwambia msimamizi. "Kutoka ardhini mpaka mlangoni ni inchi hamsini na nne. Tunataka futi hamsini na nne."

"Kutoka ukutani mpaka barabarani ni futi thelathini na nane. Utaipitisha wapi? Mbao zimeshapigiliwa, zege kesho asubuhi."

"Basi mtu atapanda mara mbili ya inavyoruhusiwa."

"Atasukumwa!"

Silima hakulala vizuri. Alfajiri alikwenda kwa Bi Mwatima, mshona mashuka ya zahanati, aliyepooza miguu tangu utotoni na kutembelea kiti cha magurudumu.

"Shikamoo, Bi Mwatima. Nnakuomba ukaijaribu ile njia ya zahanati."

"Marahaba. Nikianguka je?"

"Ntakuwa nyuma yako."

Walipofika, zege lilikuwa linachanganywa. Silima alilaza mbao juu ya fremu, akazikaza. Bi Mwatima akashika magurudumu. Futi tano, futi nane. Mishipa ya shingo ikamsimama. Futi ya kumi mikono ikamlegea. Magurudumu ya mbele yakanyanyuka, kiti kikaanza kurudi kinyumenyume.

"Silima!"

Alikipokea kwa kifua. Goti lake likagonga ubao, damu ikatoka, lakini hakukiachia. Mafundi wakasita na makoleo mikononi.

Matar alikuwa amepauka. "Haya. Sema unavyotaka."

Silima akachora mchangani kwa kijiti. "Haturuhusiwi kupanda zaidi ya inchi thelathini bila mahali pa kupumzika. Hamsini na nne tuigawe mara mbili: ishirini na saba, na ishirini na saba. Katikati kibaraza kimoja bapa, futi tano, hapohapo njia igeuke irudi mlangoni, sambamba na ile ya kwanza. Mlangoni futi tano nyingine, na chini pia, ubavuni mwa ukuta. Tano, ishirini na saba, tano: thelathini na saba. Imebaki futi moja kabla ya barabara."

Matar alihesabu kwa vidole, akahesabu tena. "Zibomoeni mbao," akawaambia mafundi, asimtazame Silima.

Zege la asubuhi ile lilitumika kwenye msingi wa choo. Kazi ilichelewa siku kumi na moja, na Silima akaondolewa kwenye orodha ya mafundi wa jengo lililofuata. Aliudhika, hakuficha.

Siku ya kufunguliwa alisimama uani. Bi Mwatima alipanda peke yake, akapumzika kwenye kibaraza, akafuta jasho, akageuza kiti. Kisha akapanda tena, na kifurushi cha mashuka mapajani.