Mlango wa Kumi Haujahesabiwa

Duka la Bwana Chisale liliungua Jumanne mchana, watu wakiangalia. Lilikuwa ng'ambo ya barabara, mbele kabisa ya duka la Lyness Nakoma pale Limbe, kwa hiyo Lyness aliona yote: moshi uliotoka chini ya bati, vijana waliobeba majora ya vitambaa vichwani, upepo wa Septemba uliofika kama mtu aliyeitwa. Alisimama kibarazani na kikombe cha chai mkononi. Watu walimwambia baadaye kwamba chai ilikuwa ikimwagikia vidole vyake. Hakujua.

Hivyo ndivyo alivyokuwa tangu Juni, alipomzika dada yake Felesta. Alikula nsima, ugali wao wa mahindi, walipomwekea nsima. Alifungua duka saa moja na nusu, akalifunga saa kumi na moja. Wateja wakimpa pole, alisema asante, kama anavyosema asante mtu aliyerudishiwa chenji.

Siku ya nne Chisale alivuka barabara, akaketi juu ya kigoda cha wateja. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na moto haukumpunguzia hata moja.

"Mama Nakoma, usinipe pole. Nimepewa pole za kujaza gunia. Nikuulize, wewe bima yako ni kiasi gani?"

"Milioni kumi na nane."

"Na mali iliyomo humu?"

Lyness alitazama rafu kana kwamba ni za mtu mwingine. "Sijui."

"Basi mimi nilijua, nikanyamaza. Nilikuwa na mali ya milioni arobaini, bima nimekata ya ishirini. Zimeungua za milioni kumi. Nikasema moyoni, kumi ziko ndani ya ishirini, nitalipwa zote. Kumbe sivyo. Wanasema, wewe ulikata bima ya nusu ya mali yako, kwa hiyo kila hasara tutalipa nusu. Nusu nyingine ni yako. Napata tano." Akainua viganja. "Na imeandikwa. Ukurasa wa tatu. Miaka saba nimeitunza ile karatasi kama cheti cha ndoa, sijapata kuisoma."

"Na cheti cha ndoa umekisoma?"

Chisale alimtazama, akacheka kwa mshangao. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Juni Lyness kusema neno la namna hiyo. Lilitoka lenyewe, yeye hakucheka.

Chisale alipoondoka, Lyness alichukua hati yake ya bima kwenye mkebe wa biskuti. Ilianza Januari na ingeisha Desemba. Ilisema: vitambaa na nguo, mlango namba tisa, kwacha milioni kumi na nane. Mlango wa kumi haukutajwa popote.

Mlango wa kumi ulikuwa wazo la Felesta. Aprili, fundi wa viatu alipohama pale jirani, Felesta alisema wauchukue, washone sare za shule. Lyness akatoa fedha za duka, wakanunua majora ya kaki, ya kijivu na ya buluu. Felesta akahamisha cherehani yake kutoka kibarazani. "Tuwaandikie watu wa bima," alisema siku hiyohiyo, akiuma uzi. Lyness akajibu kwamba wangoje shule zifungwe, kazi ipungue. Shule zikafungwa. Felesta alikuwa ameshazikwa.

Sasa aliandika barua yeye mwenyewe, kwa mkono, akainakili mara mbili:

"Bwana Meneja. Mimi ni mwenye bima ya bidhaa katika mlango namba tisa. Tangu Aprili nimepanua duka na kuchukua mlango namba kumi, nao umejaa bidhaa. Naomba kiasi cha bima ya bidhaa kipandishwe kutoka milioni kumi na nane hadi milioni thelathini na nne, na mlango namba kumi uingizwe katika hati, kwa muda uliobaki wa mwaka huu. Naomba radhi kwa kuchelewa. Nilikuwa na msiba."

Ile milioni thelathini na nne aliipata kwa kujumlisha risiti zote za mlango wa kumi juu ya kiasi cha zamani. Alipanda gari hadi Blantyre, akaikabidhi barua dirishani kwenye ofisi ya bima. Karani aliigonga muhuri wa kupokelewa.

"Kwa hiyo kuanzia leo nina bima ya thelathini na nne?" Lyness aliuliza.

"Hapana, mama. Muhuri unasema tumepokea barua. Mkaguzi atakuja kuona, kampuni ikikubali utapewa karatasi ya nyongeza na utalipa tofauti. Bima mpya inaanza tarehe itakayoandikwa kwenye karatasi ile. Mpaka hapo una ileile ya zamani."

Mkaguzi alifika Alhamisi. Aliitwa Wongani Gondwe, kijana mrefu aliyevaa viatu vilivyong'arishwa hadi soli. Mlango wa tisa walimaliza kuuhesabu kabla ya saa sita, yeye akisoma majina ya bidhaa, Lyness akitaja bei ya kununulia. Kisha wakatoka, wakasimama mbele ya mlango wa kumi. Kufuli lilikuwa limeshika vumbi.

"Ufunguo, mama?"

"Uko kwa mjomba, Thyolo."

Lyness alieleza kwa sauti ileile aliyotajia bei za kanga. Aliyekuwa akifanya kazi humo amefariki. Vitu vya marehemu haviguswi mpaka ukoo ukutane Novemba, vitolewe na kugawanywa. Mjomba alifunga mlango siku ya tatu ya msiba na kuondoka na ufunguo. Hakuna aliyeingia tangu hapo.

Gondwe alikunja daftari taratibu. "Pole sana, mama. Lakini siwezi kuandika kiasi cha bima cha chumba nisichokiona. Risiti zako zinasema kilichoingia. Hazisemi kilichomo. Kwenye hizo risiti zimo hata sare zilizokwisha kuuzwa, sivyo?"

"Zimo."

"Basi ungelipia bima ya mashati ambayo watoto wanayavaa shuleni. Na moto ukitokea, tutalipa kilichoungua tu." Akasita. "Kuna jambo jingine. Ikiwa vitu vya humu ni vya marehemu, vitagawiwa ndugu. Bima yako ni ya mali yako. Ya nani haya?"

Lyness alilitazama kufuli. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Alipokuwa hai Felesta, swali lisingekuwa na maana. Mmoja alikuwa na mkasi, mwingine alikuwa na meza.

"Novemba ni mbali," alisema Gondwe. "Na huu upepo hauna subira."

Jumamosi, kwa kuitwa na Lyness, mjomba Maliseni alishuka kutoka Thyolo na mkongojo ambao hakuuhitaji. Yeye ndiye aliyekuwa msemaji wa dada zake na watoto wa dada zake, na kazi hiyo aliibeba kama anavyobeba mtu trei ya mayai. Gondwe alikuwa amefika kabla yake.

"Wewe ni wa kaskazini," mjomba alimwambia baada ya kusikia jina. "Nyie watu mnaandika hata salamu."

"Tunaandika, mzee, kwa sababu nyie wa huku mnazisahau."

Mjomba aliguna kwa kuridhika, akamgeukia Lyness. "Mpwa wangu, binamu zako wananiambia unataka kumkatia bima marehemu. Wanacheka kisimani."

"Nataka kukatia bima vitambaa, mjomba."

"Vitambaa vya nani?"

Lyness alikuwa amelifikiria swali hilo siku mbili, kwa namna alivyofikiri siku hizi, kama mtu anayepapasa ndani ya mfuko wa mtu mwingine. "Majora ni ya duka. Risiti zina jina langu. Yeye nilimlipa kwa kila shati. Cherehani ni yake. Mkasi, utepe wa kupimia, sanduku, lile koti nyuma ya mlango. Hivyo vyake. Sivitaki kwenye barua."

Mzee alitoa ufunguo mfukoni, akaupima kiganjani. "Vikiungua kabla ya Novemba, hatutagawana kitu, tutagawana majivu," alisema mwishowe. "Nitafungua. Vyake havitaguswa. Nitasimama humohumo nione."

Akafungua. Hewa ilitoka, yenye harufu ya kaki mpya na mafuta ya cherehani. Koti lilining'inia palepale. Mjomba alisimama kando ya cherehani na mkongojo wake, kama askari wa benki. Lyness aliingia akaanza na majora, kwa sababu majora hayakuwa na mtu ndani yake. Kaki, mita mia mbili na themanini. Kijivu, mia na tisini. Gondwe aliandika.

Kisha wakafika kwenye meza.

"Hizi sare ambazo hazijakamilika," alisema Gondwe, "haziwezi kuandikwa kwa bei ya shati. Tunaandika kitambaa na kazi iliyokwisha kufanyika. Utaniambia kila rundo limefikia wapi."

"Mashati haya yamekatwa tu. Arobaini."

"Ndiyo."

"Haya yameunganishwa mabega. Hayana mikono. Sitini na nne." Aliinua moja, akalirudisha. "Haya yana mikono, hayana kola. Alikuwa akianza na mikono kila mara. Wenzake huanza na kola. Alisema mtu akikosa mikono anaonekana haraka."

Gondwe hakuandika hilo, wala hakumharakisha.

"Haya yamebaki mifuko tu. Thelathini na moja."

Shati la juu kabisa lilikuwa na mfuko ulioshikizwa pande mbili. Sindano ilikuwa bado imechomekwa pale, na uzi wa kijivu ukining'inia, urefu wa kiganja. Lyness aliutazama. Alingoja kitu kije. Mjomba aligeuza uso kuelekea dirishani. Hakuna kilichokuja, ni mikono tu iliyokuwa baridi, na ilikuwa siku ya joto.

"Mama?" alisema Gondwe kwa upole. "Hilo nalo limo kwenye thelathini na moja?"

"Nalo limo. Limebaki upande mmoja."

Jumla ya milango miwili ilifika milioni ishirini na tisa, pungufu ya ile aliyoomba. Lyness aliandika barua ya pili hapohapo juu ya kigoda: kiasi kipya, milango yote miwili kwa namba zake, bidhaa, vitambaa na nguo zisizokamilika, isipokuwa cherehani na vitu binafsi vya marehemu. Mjomba alitia sahihi kama shahidi, ingawa hakuombwa.

Karatasi ya nyongeza ilitoka wiki iliyofuata. Ilisema bima mpya inaanza tarehe mosi Oktoba. Lyness alilipa tofauti ya miezi mitatu iliyobaki tu, akaisoma karatasi yote, hata ukurasa wa tatu, akaiweka kwenye mkebe. Chisale aliyekuwa akipaka rangi ukuta wake mpya alimpungia brashi kutoka ng'ambo. Lyness naye akainua mkono.

Mjomba alikuwa amemwachia ufunguo. Jioni hiyo, kabla ya kufunga, aliingia mlango wa kumi. Hakuigusa cherehani, hiyo ingengoja mpaka Novemba. Alichukua shati la juu, akaketi sakafuni penye mwanga wa mlangoni, akamalizia ule upande mmoja wa mfuko kwa mkono, kwa sindano ileile. Hakuwa fundi. Mshono ulikwenda kombo, na mtu yeyote angeona mahali ambapo mkono mmoja uliishia na mwingine ukaanza.

Alilikunja, akatoa daftari la hesabu ya bidhaa ambalo Gondwe alimwagiza alitunze. Penye mashati yaliyobaki mifuko, akakata thelathini na moja, akaandika thelathini. Chini yake, katika safu ya yaliyokamilika, akaandika moja.

Kisha akalia kidogo, si sana, akafunga mlango wa kumi, akafunga na wa tisa.