Wastani wa Robo Nne

Hasira yangu ilianza na picha ya simu. Muuguzi wa zahanati moja ng'ambo ya mto alikuwa ametundika ukutani grafu ya watoto waliochanjwa na kliniki ya gari, nukta moja kwa kila robo ya mwaka. Mafuriko yalikata barabara, basi akaipiga picha na kuituma kwenye kundi letu la WhatsApp. Mimi ndiye mtunza takwimu za afya hapa Garsen. Kabla sijaifungua vizuri, mkuu wetu alikuwa ameshaandika chini yake: "Idadi imeshuka zaidi ya nusu. Huduma hii haihitajiki tena. Gari lipelekwe kwingine."

Nilichemka. Alikuwa ametazama nukta mbili za mwisho, akaziunganisha kwa jicho, akauita huo mwelekeo. Lakini Julai hadi Septemba ni kiangazi: Waorma hushuka deltani na ng'ombe kutafuta maji na majani, na watoto wao huja nao. Oktoba hadi Desemba mvua hunyesha, malisho yanachipuka kule mbali na mto, nao wanahama. Watoto hawakupungua, wamefuata ng'ombe! Jambo hilo analijua yeyote anayekunywa chai ya maziwa hapa mjini.

Niliikuza ile picha mpaka ikawa ukungu. Ilikuwa imepigwa kutoka upande wa kushoto, kwa hiyo upande wa kulia ulikuwa umesinyaa, na nukta za mwisho zilionekana ziko chini kuliko zilivyo. Nikaacha kukisia urefu, nikafuata mistari ya grafu yenyewe, kila mstari watoto kumi. Kisha nikampigia muuguzi.

"Dada, mwaka wa kwanza nasoma tisini, arobaini, themanini, thelathini."

"Ndiyo hivyo."

"Mwaka wa pili unaanza na kama mia moja?"

"Mia na mbili. Halafu arobaini na nane, tisini na mbili, thelathini na nane. Kwani kuna nini, dada? Mbona gari haijapangwa?"

Nilimwambia nitampigia baadaye, nikachukua karatasi.

Nilijumlisha robo nne za kwanza, nikagawa kwa nne: sitini. Nikasogea hatua moja, nikaitoa ile tisini na kuingiza mia na mbili: sitini na tatu. Nikaendelea kusogea hivyo hivyo, nikapata sitini na tano, sitini na nane, sabini. Kila robo nne zinazofuatana zina viangazi viwili na misimu miwili ya mvua, yaani mwaka mzima, kwa hiyo misimu inafutana na kinachobaki ni mwelekeo. Na mwelekeo ulikuwa unapanda. Miaka miwili ni michache, nisingeuapia, lakini kushuka hakukuwepo.

Nikaipeleka karatasi ofisini kwa mkuu. Hakuniambia hata kaa.

"Mimi pia nimepiga wastani," akasema. "Wa robo tatu. Ulikuwa themanini na moja, sasa ni hamsini na tisa. Kwa nini wewe utumie nne?"

"Kwa sababu mwaka una robo nne, mkuu. Tatu zako za kwanza zina viangazi viwili na mvua moja. Tatu za pili zina mvua mbili na kiangazi kimoja. Umelinganisha watu wakiwapo na watu wakiwa wamehama."

Aliitazama karatasi, na nina hakika alielewa. Hapo ndipo nilipomchukia.

"Hesabu yako nzuri," akasema. "Lakini gari nimeshaliahidi kwingine. Tuone robo ijayo itasema nini."

Akufukuzaye hakwambii toka. Nilitoka mwenyewe, nikaubamiza mlango, na sijaomba radhi mpaka leo.

Robo iliyofuata ilikuwa kiangazi kikali. Muuguzi alinipigia, na nyuma yake nilisikia ng'ombe, vilio vya watoto, na sauti ya mama mmoja wa Kiorma: "Sisi nimekuja na watoto. Gari ya sindano iko wapi?" Friji ya chanjo ilikuwa ndani ya gari hilo, kwa hiyo zahanati haikuwa na hata dozi moja ya kuwapa.

"Dada, mkuu anataka grafu," muuguzi akasema. "Nukta niiweke wapi?"

"Usiiweke. Pahali pake paache wazi. Hatukuhesabu, na kutohesabu si sifuri."

Alipaacha wazi, akatuma picha. Mkuu akamwamuru aweke sifuri, naye maskini, akiogopa kupoteza kazi, akaiweka. Picha ya pili ikaingia kwenye kundi, mstari ukiporomoka hadi chini kabisa, katika robo ambayo watoto walijaa mpaka nje ya uzio.

Mkuu akaandika neno moja: "Nilisema."